Maziwa ya Asubuhi ya Leo: Chapa ya Ushirika Mbele ya Pakiti za Mpondwe

Mpondwe ni mahali pabaya pa kuuzia kaulimbiu ya "nunua cha nyumbani". Mto Lhubiriha si mpana, na ukishauvuka, nyumbani kunahama. Upande wa Bwera, pakiti inayomnyima usingizi mfugaji wa Kasese hutoka viwanda vya Mbarara na Kampala. Ni maziwa ya nchi yake, yamesafiri tu. Upande wa Kasindi pakiti hiyohiyo ni bidhaa ya kigeni, nayo hushindania mteja na makopo ya maziwa ya unga, kama Nido, yaliyovuka bahari. Soko la Mpondwe hufurika Jumanne na Ijumaa, na wengi wanaolifurisha hurudi jioni Congo. Bakonzo wa huku na Banande wa kule ni ndugu wa damu na wa lugha. Ushirika wa wafugaji wa Kasese ukiandika kwenye kibao "maziwa ya Uganda kwa Waganda", umeshawafukuza wateja wake wa siku mbili nono za wiki.

Kuna sababu nyingine ya kuikwepa kaulimbiu hiyo. Januari 2020 serikali ya Kenya ilikamata shehena za Lato, maziwa ya kiwanda cha Pearl Dairy cha Mbarara, na hoja iliyosikika sana wakati ule ilikuwa ya kumlinda mkulima wa nyumbani. Uganda ililalamika, na ilikuwa na haki ya kulalamika: inazalisha maziwa mengi kuliko inayokunywa na inahitaji masoko ya majirani. Mfugaji wa Kasese hawezi kulalamikia mpaka wa Busia halafu auchore mwenyewe mpaka uleule Mpondwe. Chapa ya ushirika wake inabidi isimame juu ya kitu kingine, kitu ambacho mnunuzi wa Beni na wa Bwera wanaweza kukipima kwa namna moja.

Kwanza tuitendee haki pakiti. Maziwa ya muda mrefu hupashwa moto hadi nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache, yakafungwa kwenye pakiti isiyopitisha vijidudu, na yasipofunguliwa hukaa miezi bila friji. Mwenye duka la Bwera ambaye umeme humkatikia mara kwa mara anapenda sana jambo hilo. Anaagiza katoni, anaipanga, hapotezi kitu. Pakiti ina tarehe, ina muhuri wa viwango, na haijaguswa na mkono wa mtu anayemfahamu. Hilo la mwisho huwa tunalidharau. Katika mji ambao watu hufahamiana, kumjua muuzaji kunaweza kujenga imani, na kunaweza pia kuibomoa: unajua ndoo yake ilivyo na mahali anapochotea maji.

Kwa hiyo ushirika hauwezi kushinda kwa muda wa kukaa rafuni. Ukijaribu umeshindwa kabla ya kuanza, maana mitambo ya kazi hiyo ni ya viwanda vikubwa. Unachoweza kuuza ni kitu ambacho pakiti, kwa jinsi ilivyotengenezwa, haiwezi kusema: maziwa haya yalikamuliwa asubuhi ya leo. Maneno hayo ni mepesi kuchapisha. Kazi ni kuyafanya yawe kweli kila siku, na hapo ndipo vyama vingi vya maziwa huteleza, kwa sababu ya maziwa ya jioni.

Ng'ombe hukamuliwa mara mbili. Ya asubuhi hufika kituoni yangali na joto la ng'ombe. Ya jioni hayana pa kwenda. Gari la kukusanya halizunguki usiku, boda boda haendi malishoni gizani. Yanalala nyumbani, katika bonde lenye joto, halafu alfajiri yanachanganywa na mapya na kuletwa kama maziwa mamoja. Maziwa safi yana kinga ya asili inayozuia bakteria kwa saa mbili tatu hivi, kisha kinga hiyo huisha na bakteria huongezeka maradufu, tena na tena, ndani ya kila nusu saa au chini yake iwapo joto linawafaa. Kikombe kimoja cha maziwa yaliyolala kinatosha kuharibu mtungi mzima. Mfugaji haoni kosa, kwa kuwa kwa macho na pua bado ni maziwa mazuri. Kosa huonekana saa nne baadaye, kwenye sufuria ya mama aliyenunua: yanachemka, yanakatika.

Dawa yake si kumkataza mfugaji kukamua jioni. Ni kuyapa maziwa ya jioni njia yake na bei yake. Watu wa magharibi mwa Uganda wanakunywa bongo, maziwa ya mgando, na bongo haihitaji maziwa ya asubuhi. Inahitaji maziwa yaliyokamuliwa kwa usafi, yakapokelewa kwa mtungi wa peke yake kabla hayajachacha ovyo, yakachemshwa, yakapozwa na kutiwa hamira ya mtindi inayojulikana. Ushirika wenye bidhaa mbili, maziwa ya asubuhi na bongo, humwondolea mfugaji sababu ya kuchanganya. Ushirika wenye bidhaa moja na bei moja humfundisha kuchanganya, halafu humlaumu. Naona huu ndio uamuzi wa kwanza wa chapa, nao hufanywa kabla ya mtu yeyote kuchora nembo.

Uamuzi wa pili hufanyika kwenye meza ya kupokelea. Mtungi unafunguliwa, mpokeaji ananusa mara moja, papo hapo, kabla harufu haijatoka yote. Anatazama juu kama kuna nzi, unyasi au nywele. Kisha anachukua mililita mbili za maziwa, anatia mililita mbili za alkoli ya asilimia 68 ndani ya kijichupa, anatikisa na kukiinamisha kwenye mwanga. Maziwa mazima huteleza kwenye kioo bila kuacha alama. Yaliyoanza kuchacha, au ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, huacha chembe nyeupe kama unga uliokosa kukorogwa. Kipimo hicho ni cha dakika moja, na hakina ubishi, kwa sababu mwenye maziwa yuko pale na anaona chembe kwa macho yake. "Mzee, hii ya leo inarudi," anasema mpokeaji. Mzee ananuna. Ila walio nyuma yake kwenye foleni wameona, na habari itafika sokoni kabla ya saa sita.

Laktomita ni suala jingine, kwa kuwa hapo ushirika wenyewe huweza kukosea na kumdhulumu mtu. Kipimo hicho cha kuelea huonyesha uzito wa maziwa. Ya kawaida husoma kati ya 28 na 32, na maji yakiongezwa usomaji hushuka. Lakini kimetengenezwa kusomwa maziwa yakiwa na nyuzi 20. Kila nyuzi moja ya joto zaidi hupunguza usomaji kwa karibu 0.2. Chukua mfugaji anayekaa jirani na kituo: amekamua sasa hivi, maziwa yake yana nyuzi 35, na laktomita inasoma 27. Mpokeaji mwenye haraka anaona maji. Hakuna maji. Nyuzi 15 zilizozidi, mara 0.2, ni alama 3. Usomaji wa kweli ni 30. Na kwa kawaida anayedhulumiwa hivyo ni yule mwenye maziwa mabichi kuliko wote, kwa kuwa ya mbali yamepoa njiani. Ushirika unaotaka kujulikana kwa maziwa mabichi hauwezi kuwaadhibu wanaoyaleta. Ni bora kupoza sampuli kwenye kikombe cha maji baridi karibu na nyuzi 20 na kusoma tena mbele ya mwenyewe.

Laktomita hudanganywa pia kwa upande wa pili. Mtu akiondoa krimu, maziwa yanakuwa mazito na usomaji unapanda. Akiongeza maji kiasi, unashuka na kurudi palepale, 30 safi kabisa. Ameiba mara mbili na kipimo kinamshangilia. Kinachomkamata ni kipimo cha mafuta, na kwa bahati nzuri anayekifanya kila siku bila mashine ni mnunuzi. Maziwa ya ushirika mdogo hayapitishwi kwenye mashine ya kuvunja mafuta kama ya kiwandani, kwa hiyo yakichemshwa na kupoa huweka utando mnene wa krimu juu. Ya pakiti huweka mwembamba au hayaweki, ingawa hayajapunguzwa kitu, na ndiyo maana akina mama wengi husema yametiwa maji. Wanakosea kuhusu pakiti. Ila kipimo chao ni kikali kwa ushirika: siku utando ukipungua, hawatauliza kuhusu laktomita.

Usafi ni mgumu kuutangaza kuliko ubichi, kwa sababu kila muuzaji anajiita msafi. Na pengine Bwera na Mpondwe wana macho makali kuliko sehemu nyingine kwa jambo hili. Wakati wa mlipuko wa Ebola uliotesa Beni na Butembo kuanzia 2018 hadi 2020, ndoo za maji yenye dawa na vipima joto vilisimama mpakani, na Juni 2019 wagonjwa wa kwanza wa Uganda katika mlipuko ule walitibiwa hospitali ya Bwera. Watu walijifunza kutazama kinachofanywa kwa mikono, si bango. Walijifunza pia kutoamini anayekuja na maneno mengi kutoka mbali.

Kinachoonekana, kwa maziwa, ni chombo. Jerikani ya njano ya plastiki ina shingo nyembamba. Mkono hauingii, pembe za ndani hazisuguliki, na plastiki iliyokwaruzwa hutunza mabaki ya jana. Mamlaka ya maziwa ya Uganda, DDA, ilipambana nazo kwa miaka, na bado zipo kwa kuwa ni rahisi na hufungwa vizuri nyuma ya boda boda. Mtungi wa alumini una mdomo mpana, unaoshwa kwa maji moto ukaanikwa kifudifudi. Ushirika ukigawa mitungi yenye alama yake na kukatia gharama kwenye malipo kidogo kidogo, kila boda boda anayepita barabara ya Bwera na mtungi ule ni tangazo, tena la kweli, mradi sheria iwe moja: kisicho mtungi hakipokelewi, hata cha mwenyekiti.

Si kwamba usafi wa vyombo ni jambo la kuletewa. Wafugaji wa eneo hili, Basongora wakiwemo, wana ekyanzi, chombo cha mti kinachofukizwa moshi wa nyasi kabla ya kutiwa maziwa, na anayekijua hunusa mara moja kama kimefukizwa au la. Haifai kuuza kwa ekyanzi mjini, usafi wa mbao hauthibitishiki. Ila mfugaji aliyelelewa na ada hiyo huelewa haraka kwa nini chombo kiandaliwe kabla ya ng'ombe kuguswa. Kumwendea kama asiyejua usafi ni kumtukana.

Usafi una mpaka wake, na chapa ikiuficha italipa. Kupasha maziwa nyuzi 63 kwa dakika 30, jambo ambalo pipa dogo la ushirika linaweza, huua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya brusela, ile homa inayofanya ng'ombe watupe mimba na kumchosha mtu kwa miezi. Haiondoi dawa. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibiotiki hutoa maziwa yenye dawa kwa siku kadhaa, kulingana na lebo ya chupa, na moto hausaidii. Dalili mojawapo huonekana kwenye bongo: hamira imetiwa, joto sawa, na maziwa hayagandi, kwa kuwa dawa imeua vijidudu vya mtindi. Ushirika unaotengeneza bongo una kengele ya aina hiyo, ingawa hulia kwa kuchelewa. Afadhali kidaftari cha matibabu kwa kila mfugaji, na malipo kidogo kwa anayesema mwenyewe "ng'ombe wangu yuko kwenye dawa", kuliko kumkamata.

Sasa jina. Wa kwanza kwenye mkutano atapendekeza Rwenzori, na kila mtu atapiga makofi. Jina hilo limeshakaa kwenye maji ya chupa yanayojulikana nchi nzima. Hata kama ofisi ya usajili, URSB, ingelikubali kwa maziwa, mnunuzi angedhani ni kampuni ileile, au angeanza kutania kuhusu maji na maziwa. Utani huo huwezi kuulipia matangazo ukaufuta.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye majina ya watu. Kasese wenye ng'ombe wengi na walimaji wengi si jamii moja. Basongora wafugaji na Bakonzo walimaji wamegombania ardhi kwa muda mrefu, hasa baada ya wafugaji kuondolewa hifadhi ya Virunga upande wa Congo mwaka 2006 na kurejea Kasese na mifugo yao. Jina la Kisongora au pembe ndefu kwenye nembo, na kwa baadhi ya wanunuzi yanakuwa maziwa ya wale walioingiza ng'ombe shambani. Jina la Kikonzo tupu, na mwenye ng'ombe anajiona mgeni kwenye ushirika anaoulisha. Mahali pa kawaida panapotumiwa na wote, kama soko au kivuko, au wakati wa siku, ni salama zaidi. "Asubuhi" ni Kiswahili kinachoeleweka Bwera, Kasindi hadi Beni, na inabeba ile ahadi yenyewe.

Mifano miwili ya jirani inaonyesha kwamba kutaja mahali si lazima wala si kosa. Tanga, wafugaji wadogo waliojiunga katika chama chao kikuu mwaka 1993 walikuja kuwa na sehemu katika kiwanda cha Tanga Fresh, na jina la mkoa lilisafiri hadi Dar es Salaam likiwa na maana ya mahali ambapo watu waliamini kuna maziwa. Ushirika wa Githunguri, Kiambu, ulioanza 1961, ulipozindua kiwanda chake 2004 uliacha jina la kijiji na kuuza Fresha. Wote wawili walikuwa tayari na maziwa ya kutosha na njia ya kuyakusanya kabla ya jina. Sehemu hiyo ya hadithi huwa haiigwi.

Kuhusu mfuko, ningechelewa. Mashine ya kujaza vifuko ni ghali, nailoni lazima ichapwe kwa oda kubwa, na kifuko cha maziwa yaliyopashwa nyuzi 63 kinataka friji njia nzima, siku tano au saba hivi. Kikiwekwa kwenye duka lisilo na umeme wa uhakika kitavimba, kikiwa na jina lako. Kwa mwaka wa kwanza naona chapa ikae kwenye kibanda: vibanda viwili au vitatu vya ushirika wenyewe, tangi lenye kipoza, kipimajoto kilichotundikwa upande wa mteja na si wa muuzaji, na ubao wa chaki wenye mambo matatu tu, saa maziwa yalipokamuliwa, saa yalipopoa, na lita ngapi zilikataliwa asubuhi hiyo. Watu hununua kwa kikombe cha tumpeko, nusu lita, wanavyonunua siku zote. Mstari wa tatu utapingwa na kamati, nao ndio wenye nguvu, kwa kuwa hakuna pakiti inayoweza kuandika hivyo.

Na siku ya soko ndiyo itakayoujaribu ubao huo. Tuseme ushirika hupata lita 400 za asubuhi. Jumatano zinatosha na kubaki. Ijumaa zimekwisha saa nne, foleni bado ndefu, wateja wa Kasindi wamekuja na chupa zao. Hapo mchuuzi mwenye pikipiki anafika na lita 100 asizojua zimetoka kwa nani, au mtu ananong'ona kuhusu mfuko wa maziwa ya unga na maji ya moto. Hesabu ya siku inasema chukua. Lakini ubao unasema asubuhi ya leo, na unga umekaa gunia kwa miezi. Aliyezoea utando wa krimu nyumbani atajua jioni ileile. Kufunga saa nne na kuandika "yamekwisha" kunauma, ila foleni ya Jumanne inayofuata itaanza mapema zaidi. Upungufu huo ukijirudia, njia ni kuandikisha wafugaji wapya na kuwapima majuma kadhaa kabla maziwa yao hayajaingia kwenye tangi.

Kuvuka kwa jumla kwenda Beni, kilomita 80 hivi kutoka Kasindi, ni biashara nyingine. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini usajili wa alama uliofanywa Kampala haulindi jina Kinshasa, ukaguzi wa upande wa pili ni wa OCC, na gari likikwama mpakani nusu siku bila kipoza, "asubuhi ya leo" inakuwa uongo kabla ya kufika. Bongo huvumilia safari kuliko maziwa. Ikiwa kitu kitavuka kwa jina la ushirika mapema, ningeanza na hiyo, katika chupa yenye kizibo kinachovunjika kikifunguliwa mara ya kwanza, kwa sababu chupa tupu yenye lebo nzuri haikawii kujazwa tena na mtu mwingine.